Kumjibu mteja wa lebo za asali: bei moja ya jumla, bei kwa kila lebo, au vifurushi vitatu?

Mkato_Safi

Wakuu habari za leo. Kuna mteja kanitumia maelezo ya kazi jana jioni, anataka lebo za asali. Tumeongea kidogo kwa simu, anaonekana yuko tayari, anachosubiri ni majibu yangu ya bei na muda. Nimekwama kwenye namna ya kumpangia bei.

Njia ninazozifikiria ni tatu. Ya kwanza, bei moja ya jumla, 450,000, tumemaliza. Ya pili, bei kwa kila lebo. Ya tatu, vifurushi vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, achague mwenyewe. Muda nataka kumwandikia siku 14. Mimi naelekea kwenye ya kwanza kwa sababu ni fupi na haimtishi mteja. Ninyi mnaotuma kotesheni kila siku mnatumia ipi? Nataka nimjibu kabla ya kesho mchana.

BintiWaUpanga

Lebo ngapi? Za chupa za saizi gani? Nembo anayo au unamchorea? Anazihitaji lini na kwa ajili ya nini? Nani anachapa, wewe au yeye? Umeuliza njia ya kupanga bei bila kusema kazi yenyewe ni ipi, mkuu. 450,000 kwa lebo moja ni bei nzuri, kwa lebo sita unajiumiza.

Vifurushi_254

Ndugu zangu wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Vifurushi vitatu, bila kufikiria mara mbili. Ukimpa mteja bei moja anachagua kati yako na mtu mwingine. Ukimpa tatu anachagua kati ya zako. Cha kati ndicho unachotaka akichukue, kwa hiyo kikubwa kiweke ghali kweli ili cha kati kionekane nafuu.

Asali_ya_Sikonge

Usimlipe huyo dizaina hata shilingi kabla hujaona kazi. Mwambie akutumie sampuli tatu kwanza, ukipenda moja ndiyo unalipa nusu.

BintiWaUpanga

Dada, yeye ndiye dizaina. Mteja ni mwingine.

Asali_ya_Sikonge

Haya, nimesoma haraka. Lakini mimi napaki asali, kwa hiyo nakuambia mteja wako atakachokitafuta kwenye majibu yako. Ni vitu viwili tu: jumla ni kiasi gani, na lebo zitakuwa mkononi tarehe ngapi. Ukianza na historia yako na kazi ulizofanya, hizo aya tunaziruka.

Mkato_Safi

Samahani wakuu, nimeandika kwa haraka. Maelezo yake ni haya, nanakili kama alivyoandika kwenye WhatsApp: "Habari. Tunahitaji lebo za asali yetu, nyuki wakubwa na nyuki wadogo. Chupa zetu ni gramu 250, gramu 500 na kilo 1. Tunataka lebo ya kuonyesha ndani, asali ionekane. Nembo ipo, nimekutumia. Tunataka tuwe nazo Nanenane Dodoma. Tupe bei na muda."

Ni kikundi kilichosajiliwa, kiko Dodoma. Nembo aliyotuma ni picha ya JPEG ya hapo hapo WhatsApp. Kuchapa watachapa wao hapa Dar, mimi natoa faili. Maonyesho yanaanza tarehe 1 Agosti, Nzuguni. Leo ni Jumatano tarehe 2 Julai.

BintiWaUpanga

Sasa tunaongea. Aina mbili mara saizi tatu ni lebo sita. Mteja kaandika "lebo za asali" na wewe ukasoma lebo moja, kumbe ni faili sita, kila moja na uzito wake, bakodi yake na vipimo vyake. Ndiyo maana bei ya jumla bila kutaja idadi ni hatari hapa. Akija wiki ijayo na chupa ya gramu 100 ataona imo kwenye zile 450,000, na wewe huna mstari wa kumwonyesha kwamba haimo.

Mimi ningetumia bei kwa kila lebo, lakini si bei sawa kwa zote. Kazi ya kufikiri iko kwenye lebo ya kwanza: mpangilio, rangi, herufi, picha. Tuiite lebo mama. Zinazofuata zinarithi mpangilio, unabadilisha vipimo na maandishi. Mfano, lebo mama 300,000, na kila inayofuata 60,000. Sita zinakuwa 300,000 na 300,000, jumla 600,000. Unamwandikia jumla juu, mgawanyo chini yake. Akiongeza saizi mnajua wote kwamba ni 60,000, akipunguza vilevile.

Nembo ya JPEG uiwekee mstari wake. Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa, ukiikuza kingo zinavunjika, kwa hiyo utaichora upya iwe vekta. Andika 50,000 na sababu yake, au umuombe kwanza faili ya asili kwa aliyeichora.

Vifurushi_254

Hiyo ni orodha ya bei ya duka la vifaa. Mteja ataanza kukata mstari mmoja mmoja: nembo toa, lebo ya kilo toa. Kifurushi hakikatwi.

BintiWaUpanga

Akikata lebo ya kilo nami sifanyi lebo ya kilo. Tatizo liko wapi? Vifurushi vinafaa pale mteja hajui anataka nini, kama nembo peke yake au nembo na kadi na bango. Huyu kakutajia aina na saizi. Ukimletea kifurushi kidogo chenye lebo mbili, cha kati chenye nne na kikubwa chenye sita, utakuwa umemwambia kwa njia ya kuzunguka kitu kile kile cha bei kwa lebo.

Mfuga_Namba

Usisahau kuongeza VAT asilimia 18 juu ya hiyo 600,000, maana ni kampuni. Wengi wanasahau halafu wanailipa mfukoni.

Mhasibu_wa_Mtaa

Hapana. VAT anatoza aliyesajiliwa VAT tu, na kulazimika kujisajili kunaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Dizaina wa kujitegemea asiyesajiliwa akiandika VAT kwenye invoisi anajitafutia matatizo.

Kinachomhusu ni kodi ya zuio. Kikundi kinachofanya biashara kikimlipa mtu wa hapa nchini kwa huduma kinatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka TRA. Kwa 600,000 zitazuiwa 30,000, mkononi zinafika 570,000. Mkuu aandike kabisa kwamba bei ni kabla ya kodi ya zuio, na kwamba wakizuia wampe cheti cha zuio, maana kile kiasi kinahesabika kwenye kodi yake ya mwaka. Bila cheti hiyo 30,000 imepotea.

Mfuga_Namba

Sawa kwa VAT. Lakini vikundi vingi havizuii chochote, wanatuma hela kwenye simu basi.

Mhasibu_wa_Mtaa

Ndiyo sababu ya kuandika. Asipozuia, umepata yote. Akizuia, hamgombani.

MzeeWaPleti

Nimewaacha mzungumze bei, lakini hakuna aliyegusa kitu kikubwa kwenye maelezo ya huyo mteja. "Lebo ya kuonyesha ndani."

Lebo angavu kwenye asali ni kazi tofauti na stika nyeupe. Wino wa kawaida unapitisha mwanga. Ukichapa njano au kijani moja kwa moja kwenye plastiki angavu, halafu ukaibandika kwenye chupa yenye asali nyeusi, ile njano haitaonekana, itakuwa kahawia kama asali yenyewe. Maandishi meusi ndiyo yanazama kabisa. Ili rangi isimame lazima chini yake kuwe na wino mweupe, na huo mweupe ni tabaka lake kwenye faili: dizaina anachora umbo la kila sehemu inayotakiwa kufunikwa, analiita kwa jina la rangi ya pekee kama mchapaji alivyoelekeza, na anapunguza kingo zake kidogo ili mweupe usichungulie pembeni ya herufi. Mitambo mingi ya stika hapa mjini haina wino mweupe. Kwa hiyo kabla hujaandika bei, muulize mteja mchapaji wake ni nani, kisha umpigie huyo mchapaji umuulize swali moja: mweupe mnao?

Ukiandika bei ya stika nyeupe halafu ikageuka kuwa angavu, hiyo 60,000 ya kila lebo haitoshi, maana lebo zote sita zinahitaji tabaka la mweupe na kukaguliwa upya.

Mkato_Safi

Hilo sikulifikiria, mzee. Kwenye bei naliwekaje?

MzeeWaPleti

Andika bei ni kwa stika nyeupe yenye lamineshani. Lebo angavu ni nyongeza, taja kiasi chako kwa kila lebo. Kuna njia ya kati: stika nyeupe iliyokatwa fupi, haizunguki chupa nzima, asali inaonekana ubavuni. Mteja anapata anachotaka, yaani mnunuzi aione asali, bila wino mweupe.

Karatasi tupu usimpendekezee. Asali inachuruzika, mikono inanata, karatasi inashika madoa siku ya kwanza.

Asali_ya_Sikonge

Kwa hiyo ya kati nakubali. Nyongeza yangu: huyo mteja kilo 1 ya nyuki wadogo sidhani kama anayo. Asali ya nyuki wadogo inapatikana kidogo na ni ghali, wengi tunaiweka kwenye chupa ndogo. Aliandika aina mbili na saizi tatu kwenye sentensi mbili tofauti, wewe ndiye uliyezidisha ukapata sita. Inawezekana ni tano au nne.

BintiWaUpanga

Hoja nzuri. Basi kwenye majibu andika "nimeelewa kwamba ni lebo sita" na uzitaje moja moja. Kama amekosea au umekosea wewe, atakurekebisha kabla hajalipa.

Fundi_wa_CDR

Na mkubaliane unampa faili gani. Mimi natoa CDR, wachapaji wote Kariakoo wanafungua.

Mkato_Safi

Mimi natumia Illustrator, nilitaka kutoa PDF tu.

Fundi_wa_CDR

PDF mchapaji akitaka kusogeza kitu kidogo anahangaika. CorelDRAW ndiyo lugha ya Kariakoo, acha ubishi wa Illustrator.

MzeeWaPleti

Mchapaji hatakiwi kusogeza kitu. PDF yenye herufi zilizogeuzwa kuwa michoro, rangi za CMYK, na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, inatosha. Faili ya kazi, iwe CDR au `.ai`, ni mali nyingine na ina bei yake. Aseme imo au haimo.

Fundi_wa_CDR

Haya, lakini siku fonti ikipotea msinitafute.

BintiWaUpanga

Turudi kwenye siku 14, maana hapo ndipo atakapoumia zaidi ya kwenye bei. Siku 14 kuanzia lini, na ni za kazi au za kalenda? Mteja akisoma leo atahesabu tarehe 16 Julai. Mkuu akihesabu siku za kazi baada ya kupokea advansi, anafika tarehe 25. Wote wawili wamesoma neno moja.

Tuhesabu kwa tarehe. Tuseme advansi na maandishi ya lebo vinaingia Ijumaa tarehe 4. Jumatatu tarehe 7 ni Sabasaba, sikukuu. Unaanza Jumanne tarehe 8, lebo mama inachukua siku tatu, unaituma Alhamisi tarehe 10 jioni. Kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wape siku mbili wakubaliane: Ijumaa tarehe 11 na Jumatatu tarehe 14. Marekebisho siku mbili, tarehe 15 na 16. Wanaangalia tarehe 17. Kisha unatengeneza zile tano nyingine kwa siku tatu, 18, 21 na 22. Tarehe 23 wanasoma maandishi yote. Faili zinaingia kwa mchapaji Alhamisi tarehe 24 asubuhi, naye akitaka siku tano za kazi anamaliza Jumatano tarehe 30 jioni. Basi la Dodoma tarehe 31. Kubandika kunataka siku mbili. Maonyesho yanafunguliwa tarehe 1 chupa zikiwa tupu ubavuni.

Na hapo hakuna aliyechelewa hata siku moja. Siku 14 zako zinaonekana nyingi kwa sababu umehesabu siku zako tu, hukuhesabu za mteja wala za mchapaji.

Mkato_Safi

Daah. Kwa hiyo nimwambie haiwezekani?

BintiWaUpanga

Mwambie awamu mbili. Kwa ajili ya Nanenane mfanye gramu 500 tu, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo. Baada ya lebo mama inabaki moja, siku moja inatosha, Ijumaa tarehe 18. Jumatatu tarehe 21 wanasoma maandishi. Jumanne tarehe 22 asubuhi faili zipo kwa mchapaji, anamaliza Jumatatu tarehe 28, basi tarehe 29, wanabandika 30 na 31. Nne zilizobaki zinafuata baada ya maonyesho. Ni kwa kubana, hakuna siku ya akiba, kwa hiyo andika kila siku anayochelewa yeye inasogeza tarehe ya mwisho kwa siku ile ile.

Vifurushi_254

Au aongeze ada ya haraka, asilimia 30, afanye usiku na wikendi. Wateja wa maonyesho hulipa.

MzeeWaPleti

Ada ya haraka inaharakisha dizaina. Kikao cha kikundi na mtambo haviharakishwi na ada ya dizaina.

Vifurushi_254

Mimi najua wachapaji wanaotoa kwa siku mbili ukiwalipa.

MzeeWaPleti

Wapo. Lamineshani ikibandikwa juu ya wino usiokauka vizuri inaanza kuachia kingo baada ya muda, na chupa inayoshikwashikwa kwenye banda ndiyo ya kwanza kuonyesha.

Kuna kitu kingine majibu yake lazima yaseme: nani anahakikisha bakodi. Nieleze kazi moja ya pilipili ya chupa iliyopita mtamboni. Vipande 2,000. Dizaina alitaka lebo ipendeze, akaiweka bakodi kwa rangi nyekundu iliyoiva juu ya njano, na kwa kuwa chupa ilikuwa ndogo akaibana mpaka kama asilimia 60 ya ukubwa wake. Kwenye karatasi ilipendeza. Ilipofika dukani mashine haikusoma hata chupa moja. Sababu ni mbili. Mashine nyingi za kusoma zinatumia mwanga mwekundu, na mstari mwekundu kwa mwanga mwekundu ni sawa na nafasi nyeupe, mashine haioni mstari. Na bakodi ya EAN-13 kwa kipimo kamili ina upana wa milimita 37.29 na kimo cha 25.93, ukihesabu na nafasi tupu za pembeni, wala haitakiwi kushuka chini ya asilimia 80. Kwa asilimia 60 mistari myembamba inanenepa kwa wino na kugusana.

Ugomvi uliofuata ulikuwa nani analipa kuchapa upya. Mteja alisema dizaina ndiye mtaalamu. Dizaina alisema mteja aliidhinisha. Mchapaji alisema alichapa alicholetewa. Kotesheni ilikuwa na mstari mmoja tu: "ubunifu wa lebo, malipo kabla ya kuanza." Hakukuwa na mahali pa kushika. Mwishowe walikata stika ndogo nyeupe zenye bakodi nyeusi wakabandika juu ya zile, chupa moja moja, na lebo ikaharibika sura.

Kwenye chupa ya mviringo ndogo bakodi ilazwe ili mistari ionekane kama vipago vya ngazi. Ikisimamishwa, mistari ya pembeni inakunjwa na mviringo na mashine haifiki.

Mfuga_Namba

Bakodi si unatengeneza tu mtandaoni bure? Kuna tovuti nyingi.

MzeeWaPleti

Picha ya mistari unaipata bure. Namba haipatikani bure. Mteja anaichukua GS1 Tanzania, inaanza na 620, na kila saizi ya kila aina ina namba yake. Dizaina aandike: namba za bakodi zinatoka kwa mteja, zifike na maandishi mengine. Hazijafika, aache nafasi nyeupe, asijaze namba ya kubuni.

Asali_ya_Sikonge

Na alama ya TBS vilevile. Tangu 2019 vyakula vimehamia TBS. Kama kikundi hakijapata leseni ya kutumia alama, isiwekwe hata wakisema "tunaifuatilia". Dizaina aache nafasi yake kwenye mpangilio, ikipatikana inaingia bila kupangua lebo.

Halafu sehemu ya tarehe ya kupaki, ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo iachwe nyeupe, na isipakwe lamineshani. Muhuri juu ya lamineshani unafutika kwa kidole.

Mkato_Safi

Wakuu nimewasikia. Nimeandika hivi, nipigieni msasa:

"Habari za asubuhi. Asante kwa maelezo ya kazi mliyonitumia tarehe 1 Julai.

Gharama ya awamu ya kwanza ni shilingi 410,000. Mkinilipa advansi na kunipa maandishi kufikia Ijumaa tarehe 4 Julai, faili zitakuwa kwa mchapaji Jumanne tarehe 22 Julai.

Nimeelewa kwamba mnahitaji lebo sita: nyuki wakubwa gramu 250, gramu 500 na kilo 1, na nyuki wadogo kwa saizi hizo hizo. Kama kuna saizi ambayo hamuuzi, nijulisheni niitoe. Zote sita haziwezi kuwahi Nanenane kwa usalama, hivyo napendekeza awamu ya kwanza iwe lebo mbili za gramu 500. Hapo kuna lebo mama 300,000, lebo ya pili 60,000, na kuchora upya nembo 50,000 kwa sababu picha mliyotuma haiwezi kuchapwa vizuri. Mkiipata faili ya asili ya nembo, hiyo 50,000 inaondoka. Awamu ya pili ni lebo nne zilizobaki kwa 60,000 kila moja, jumla 240,000, baada ya maonyesho.

Bei ni kwa stika nyeupe yenye lamineshani, iliyokatwa fupi ili asali ionekane ubavuni. Kama mnataka lebo angavu, nitumieni kwanza namba ya mchapaji wenu nithibitishe ana wino mweupe, kisha nitawapa nyongeza yake.

Bei inajumuisha marekebisho mara mbili. Ya tatu na kuendelea ni 40,000 kila mara. Marekebisho ni orodha moja iliyokusanywa kutoka kwa wote, inayotumwa na mtu mmoja mtakayemteua.

Ninachohitaji kutoka kwenu: maandishi yote ya lebo yakiwa yamechapwa, si picha ya karatasi, namba za bakodi, na chupa mbili tupu za gramu 500 zinazotumwa kwa basi. Mtasoma lebo na kuithibitisha kwa maandishi kabla ya kwenda kuchapwa. Kosa lililo kwenye maandishi mliyothibitisha ni lenu, kosa la vipimo au rangi za bakodi ni langu.

Advansi ni nusu, 205,000. Iliyobaki inalipwa kabla sijatoa faili za kuchapa. Bei ni kabla ya kodi ya zuio, na mkiizuia naomba cheti chake. Mnapokea PDF ya kuchapa, faili ya kazi haimo. Bei hii ni halali mpaka tarehe 9 Julai, lakini tarehe ya 22 inasimama tu mkianza kufikia tarehe 4."

BintiWaUpanga

Nzuri. Mstari wa kosa la nani ni nani ndio niliokuwa nautafuta. Kinachokosekana ni siku zao. Umewaambia tarehe 22 lakini hawajui kwamba wana tarehe 11 na 14 za kujibu lebo mama, tarehe 17 ya kuangalia marekebisho, na tarehe 21 ya kusoma maandishi. Ziandike.

Vifurushi_254

Ni ndefu mno. Mteja wa WhatsApp hasomi aya saba. Mimi bado nasema vifurushi.

Asali_ya_Sikonge

Mimi ningesoma. Bei na tarehe ziko juu. Ila "kosa ni lenu" inauma kidogo, sema "gharama ya kurekebisha itakuwa ya kikundi."

MzeeWaPleti

Chupa mbili za kutumwa, safi sana, maana kuna chupa zenye tumbo na nyingine zinabana kwenda chini, na lebo iliyonyooka inajikunja humo. Ukizipata zungusha ukanda wa karatasi upime. Chupa ya kipenyo cha milimita 68 ina mzunguko wa kama 214. Kwa lebo fupi uliyopendekeza, weka mwisho wa lebo kwenye 150 hivi.

Mama_Vikoba

Samahani, nembo tu ya kikundi cha vikoba ni bei gani? Hatuna asali.

Mkato_Safi

Nimetuma na tarehe zao nimeongeza. Kajibu kwa sauti. Anasema kilo 1 ya nyuki wadogo kweli haipo, kwa hiyo ni lebo tano. Nembo ya asili inatafutwa. Lakini lebo angavu anasisitiza, mwenyekiti ameiona kwenye asali ya wenzao na hataki kusikia kitu kingine. Mchapaji bado hajachaguliwa.

MzeeWaPleti

Basi usikubali advansi kwa tarehe ya 22 mpaka mchapaji ajulikane. Bila hivyo hujui kama mweupe upo.

BintiWaUpanga

Mimi ningepokea advansi nianze lebo mama, mweupe ni tabaka la mwisho. Ukisubiri mchapaji wanapoteza wiki nzima na Nanenane imepita.

MzeeWaPleti

Na mweupe usipopatikana, mpangilio wote wa rangi unabadilika na umeshatumia marekebisho mawili. Huo ni ubunifu upya.

Fundi_wa_CDR

Kuna jamaa Kariakoo ana mweupe. Ila anataka CDR.